Shajara ya mradi: kutafuta sababu ya bidhaa kupungua katika duka dogo, Mwanga, Kigoma

Jumapili, 2 Februari 2025. Pengo la shilingi 214,000

Duka ni la chumba kimoja, lipo Mwanga mjini Kigoma, na hufunguliwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Wauzaji ni wawili: mimi mwenyewe na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye yupo nami kwa mwaka wa pili sasa. Jana nilifunga hesabu ya Januari kwa njia niliyoizoea, yaani kujumlisha thamani ya bidhaa zilizokuwepo mwanzo wa mwezi na zilizonunuliwa, kisha kutoa mauzo na thamani ya bidhaa zilizobaki. Hesabu ikaonyesha kuwa bidhaa za shilingi 214,000 hazipo na wala hazikuuzwa.

Nakiri hapa mwanzoni kwamba jambo la kwanza lililonijia ni mpwa wangu. Kabla sijamwita, mke wangu aliuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: pengo hilo lipo kwenye bidhaa gani? Hesabu yangu ilikuwa ya fedha tupu, kwa hiyo haikuweza kusema kama kilichopungua ni sukari, sabuni au betri, na bila kujua hilo hakuna namna ya kumshuku mtu kwa haki.

Nimeamua kuanzisha shajara hii na kutenganisha sababu tatu ambazo wenye maduka huzichanganya: wizi, makosa ya kuhesabu na kuandika, na mzigo unaofika ukiwa pungufu kutoka kwa muuzaji wa jumla. Kila moja ina tabia yake. Kosa la kuhesabu huenda pande zote mbili, wiki hii pungufu na wiki ijayo ziada. Mzigo pungufu huonekana siku ya kupokea, kwenye bidhaa za muuzaji fulani tu, na huongezeka kadiri unavyonunua mara nyingi. Wizi hauleti ziada kamwe, na hujikusanya kwenye bidhaa fulani na saa fulani. Angalau hivyo ndivyo ninavyodhani leo.

Kufuatilia duka zima kungenishinda, kwa hiyo nimechagua bidhaa tano. Nne ninazishuku: sukari, mawese, sabuni ya mche na betri ndogo za tochi. Ya tano ni chumvi ya pakiti ya nusu kilo, nayo nimeichagua kwa sababu siishuku. Bei yake ni ndogo, hakuna anayehangaika kuiiba, na hufika katika bunda lililofungwa kiwandani, pakiti 20 kila bunda. Ikiwa chumvi nayo itaonyesha upungufu, basi tatizo limo katika kuhesabu kwetu, na kiasi cha upungufu huo kitanionyesha ukubwa wa makosa yetu kwenye bidhaa nyingine.

Dagaa nimewaacha nje ya zoezi kwa makusudi. Dagaa hununuliwa wakiwa na unyevu fulani na huendelea kukauka gunia likiwa dukani, hivyo uzito hupungua hata kama hakuna mkono uliowagusa, na mimi sina njia ya kutenganisha kilichokauka na kilichoondoka.

9 Februari. Zaidi ya nusu ya pengo halikuwahi kuwepo

Kabla ya kuhesabu chochote nilirudia hesabu ya Januari, nikakuta kosa langu. Bidhaa za mwanzo wa mwezi nilizithamini kwa bei ya kuuzia, na za mwisho wa mwezi kwa bei ya kununulia. Tofauti ya bei hizo mbili, ambayo ni faida yangu ya baadaye, ilikuwa imejigeuza kuwa bidhaa zilizopotea. Nilipothamini pande zote kwa bei ya kununulia, pengo lilishuka kutoka 214,000 hadi 97,000. Shilingi 117,000 nilizotaka kumdai mpwa wangu hazikuwa zimepotea popote. Kuanzia leo ninahesabu vitu, si fedha, na shilingi zitaingia mwishoni tu. Kanuni ninayotumia kwa kila bidhaa ni hii:

```
kinachotakiwa = mwanzo + kilichoingia - kilichouzwa - kilichotumika
tofauti       = kilichohesabiwa - kinachotakiwa
```

Kisha tukahesabu mara mbili, mimi na mpwa wangu, kila mmoja na karatasi yake, bila kuonyeshana na bila kutazama daftari. Kutotazama daftari ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu mtu anayejua kwamba jibu linapaswa kuwa 64 huhesabu hadi 62, akaangalia huku na huku, na akaondoka na 64. Matokeo yalinishangaza. Chumvi, ambayo haina siri yoyote, mimi nilihesabu pakiti 61 na yeye akahesabu 66. Tulipohesabu pamoja kwa kuzishika mkononi zilikuwa 64.

Sababu zilikuwa mbili. Chumvi ilikuwa sehemu tatu: rafuni, chini ya kaunta, na kwenye bunda lililofunguliwa nyuma ya magunia, nami nililisahau bunda hilo kwa kuwa lilikuwa limebaki na pakiti tatu tu. Mpwa wangu hakulisahau, lakini alihesabu safu ya mbele ya rafu na kuzidisha kwa idadi ya safu, huku safu mbili za nyuma zikiwa na upungufu wa pakiti moja moja.

Tumebadilisha mambo matatu. Kila bidhaa sasa ina mahali pawili tu, rafuni na akibani. Bunda lililofunguliwa humwagwa rafuni lote, lisibaki nusu. Hesabu hufanywa Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kufungua, na kila sehemu iliyokwisha hesabiwa huwekewa alama ya chaki. Tulirudia hesabu siku hiyohiyo kwa utaratibu huo, na bidhaa nne kati ya tano zikalingana. Nimeandika kwenye jalada la daftari: kabla ya leo, tofauti yoyote iliyo chini ya vipande vitatu haina maana.

23 Februari. Daftari la mikopo

Wiki mbili zimepita. Kwa kila mauzo ya bidhaa tano tunapiga kijiti kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni, na vijiti hujumlishwa usiku. Chumvi: wiki ya kwanza sawa kabisa, wiki ya pili pungufu pakiti moja. Kwa hiyo kuhesabu kwetu sasa kunaaminika.

Sabuni ya mche ndiyo iliyonifundisha wiki hizi. Mche mmoja tunaukata vipande vitano, na hesabu yake ni kwa vipande. Wiki ya kwanza ilikuwa pungufu vipande saba, na ya pili ikawa na ziada ya vipande sita. Mwizi harudishi sabuni, kwa hiyo ziada hiyo ilikuwa ushahidi kwamba tatizo lipo kwenye kuandika. Nilifuata vijiti siku kwa siku nikagundua kwamba wateja wanaochukua kwa mkopo walikuwa wanaandikwa kwenye daftari la mikopo siku ya kuchukua, lakini kijiti kinapigwa siku wanapolipa. Kwa hiyo sabuni iliondoka wiki ya kwanza na "kuuzwa" wiki ya pili. Yule asiyelipa kabisa hapigiwi kijiti milele, na sabuni yake huhesabika kuwa imeibwa.

Utaratibu mpya ni kwamba kijiti hupigwa bidhaa inapotoka mlangoni, iwe imelipiwa au la. Fedha ina daftari lake.

Nimeanza pia kujaza safu ya "kilichotumika", baada ya mke wangu kunikumbusha kwa upole kwamba sukari ya chai ya nyumbani haishuki kutoka mbinguni. Ni kilo moja kila wiki. Hakuna anayeiona kuwa upotevu kwa sababu kila mtu anajua ilikokwenda, na kwa sababu hiyohiyo hakuna anayeiandika.

9 Machi. Kupima mifuko ya sukari

Sasa zamu ya mzigo unaoingia. Sukari hununuliwa kwa mfuko wa kilo 50, nami nimekuwa nikiuandika 50 kwa miaka yote bila kuupima hata mara moja, kwa kuwa duka langu lina mizani ndogo ya mawe tu. Nimekubaliana na jirani anayenunua nafaka kwamba nitatumia mizani yake kubwa kwa shilingi 500 kila mfuko, nayo ina mhuri wa Wakala wa Vipimo wa mwaka huu. Kabla ya kuiamini niliijaribu kwa dumu la maji lililopimwa kwa chupa ya lita moja, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, na ilisoma vizuri.

Leo nimepima mifuko miwili ya kwanza na mmoja wake umenipa shaka. Ninaendelea kuandika 50 kwenye daftari kama risiti inavyosema, na uzito halisi ninauandika pembeni. Nimejizuia kurekebisha chochote kwa wiki nne, kwa sababu nikirekebisha kabla ya kupima sitajua kamwe kila sababu ilibeba kiasi gani.

23 Machi. Nilivyomkosea mama wa mawese

Hili ni kosa kubwa kuliko yote katika mradi huu na linastahili nafasi yake.

Mawese huletwa na mama mmoja mtu mzima, dumu la lita 20 kila mara, madumu matatu kwa wiki nne. Nilipima dumu moja: kilo 18.9. Dumu tupu lina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mawese yalikuwa kilo 17.9. Nikaona kilo mbili na zaidi hazipo, na siku ya kuleta dumu la pili nikamsubiri nikiwa na karatasi mkononi. Nilimwamkia vizuri, shikamoo mama, kisha nikamweleza kwamba kila dumu lake lina upungufu wa lita mbili.

Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mwanangu, tangu lini mafuta yakawa na uzito wa maji?"

Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea, jambo ambalo mtoto yeyote aliyemwona mama yake akipika mchuzi analijua. Nilichukua chupa, nikaipimia maji kilo moja kamili na kuchora mstari mahali maji yalipofika, nikaikausha, nikaijaza mawese hadi mstari uleule na kupima tena. Ilikuwa kilo 0.91. Basi kilo 17.9 nikizigawa kwa 0.91 napata lita 19.7. Upungufu wa dumu lile ulikuwa theluthi moja ya lita, na dumu alilokuja nalo siku hiyo, lililokuwa na mawese kilo 18.25, lilikuwa na lita 20 na chembe. Nilimwomba radhi mbele ya wateja kwa kuwa nilimtuhumu mbele ya wateja. Anayetaka kuiga zoezi hili akumbuke kwamba dumu la lita 20 za mawese linapaswa kuwa na mafuta ya kilo 18.2 hivi, na apime dumu tupu kwanza, kwani madumu hayalingani uzito.

Lakini mawese yalikuwa yanapungua kweli. Kama mleta mzigo hana kosa, yalikwenda wapi? Kipimo chetu ni kikombe cha robo lita, na dumu moja lilipaswa kutoa vipimo 80. Vijiti vilionyesha vipimo 75. Nilipima maji ya kujaza kikombe hadi ukingoni, yakawa gramu 265 badala ya 250, na sisi sote wawili hujaza hadi ukingoni, hata zaidi kidogo mteja akiwa anatazama. Mafuta mazito yanayobaki chini ya dumu yanachukua sehemu iliyobaki. Hapa hakuna mwizi wala mzigo pungufu, na hesabu ilikuwa sahihi. Ni sababu ya nne ambayo sikuiandika tarehe 2 Februari: kipimo kinachotoa zaidi ya kinachotozwa.

6 Aprili. Sukari, kilo kwa kilo

Wiki nne zimetimia na sukari imepata hesabu kamili. Tulianza na kilo 31. Mifuko mitano iliingia, kwa risiti kilo 250. Vijiti vinasema tuliuza kilo 239, na nyumbani zilitumika kilo 4. Kilichotakiwa kuwepo leo asubuhi ni kilo 38. Tulipopima, zilikuwepo kilo 27 na nusu. Upungufu ni kilo 10 na nusu, yaani zaidi ya kilo mbili na nusu kila wiki, na kama ningekuwa bado na mawazo ya Februari ningesema kuna mtu anabeba kifurushi kila siku anapoondoka.

Nianze na mzigo. Mifuko mitatu ilikuwa na sukari kilo 50 kamili au zaidi kidogo, baada ya kutoa gramu 150 za mfuko wenyewe. Miwili ilikuwa na kilo 48.75 na 48.45. Nilipoiweka mifuko yote sambamba, tofauti ilionekana hata bila mizani: mitatu ilikuwa imeshonwa mdomo kwa mashine, mshono ulionyooka ambao ukivuta uzi wa mwisho unafumuka wote, na miwili ilikuwa imeshonwa kwa mkono kwa uzi wa rangi nyingine, huku matundu ya mshono wa zamani yakionekana pembeni. Mifuko hiyo ilifunguliwa baada ya kutoka kiwandani. Upungufu wake jumla ni kilo 2.8.

Ilibaki kujua kama sukari ilitoka stoo ya muuzaji wa jumla au njiani, kwenye guta. Mfuko wa nne na wa tano nilikwenda kuupima kulekule stooni kabla haujapakiwa, kisha nikaupima tena kwa jirani yangu ulipofika. Uzito ulikuwa uleule mara zote mbili, na mmoja wao ulikuwa miongoni mwa ile pungufu. Mwenye guta hana lawama. Muuzaji alijibu kwanza kwamba mzigo ukishatoka kwake si wake tena, na kwa mfuko wa awali alikuwa na hoja, maana sikuwa na ushahidi. Kwa mfuko uliokuwa bado stooni kwake hakuwa na la kusema, akakubali kwamba kuanzia mzigo ujao nitachagua mifuko yenye mshono wa kiwandani na kuipima kabla ya kulipa.

Kilo 2.8 kati ya 10.5 hazikutosha kueleza tatizo. Nikakumbuka kikombe cha mawese, nikachukua vifurushi 20 vya robo kilo ambavyo tulikuwa tumeshafungasha na kuvipima vyote pamoja kwa jirani. Vilipaswa kuwa kilo 5 kamili, vikawa kilo 5.16. Kila kifurushi kina ziada ya gramu nane. Kupima kifurushi kimoja hakungenionyesha hilo, kwa kuwa mizani kubwa haioni gramu nane. Ndiyo sababu ya kupima 20 kwa pamoja.

Mizani yetu ina sahani mbili. Nilipoondoa kila kitu, sahani ya mawe ilishuka taratibu ikalala chini. Chini yake kulikuwa na utando wa sukari iliyoyeyuka kwa unyevu wa masika na kukauka tena, ikichanganyika na vumbi na mafuta. Uzito huo wa gramu nane ulikuwa unasaidia jiwe, na mteja alikuwa analipwa sukari ya kulingana nao. Hatukuwahi kuona kwa sababu jiwe la robo halitoki kwenye sahani tangu asubuhi hadi jioni, na mizani isiyokaa tupu haiwezi kukuonyesha kasoro yake. Kipimo kingine rahisi ni kubadilishana pande: weka jiwe na kifurushi vikilingana, kisha vihamishe sahani. Mizani nzuri italingana tena.

Kosa la aina hii ni lilelile kwa kila upimaji, uwe wa robo au wa kilo, kwa hiyo humuumiza zaidi anayeuza kidogokidogo. Katika wiki hizo tuliuza vifurushi 720 vya robo na 59 vya kilo. Mara 779 ukizidisha kwa gramu nane ni kilo 6.2. Ninanunua kilo kwa shilingi 2,640 na kuiuza 3,000. Gramu nane kwenye kila robo zilikuwa zinakula karibu robo ya faida hiyo.

Kwenye daftari la mikopo nilikuta kilo moja iliyotoka siku ya msiba wa jirani bila kupigiwa kijiti. Basi kilo 2.8 za mzigo, 6.2 za mizani na 1 ya kijiti kilichosahauliwa ni kilo 10. Nusu kilo iliyobaki ni ndogo mno kuijadili, maana sukari humwagika na upimaji wa akiba yenyewe una kosa la kiasi hicho. Katika sukari hakuna wizi ninaoweza kuuonyesha.

Mizani imeoshwa kwa maji ya moto, na vifurushi 20 vipya vilipima kilo 5.01. Mhuri wake ulikuwa umepitwa na wakati, kwa hiyo nimeipeleka Wakala wa Vipimo. Gharama hiyo siihesabu kwenye mradi kwa kuwa nilipaswa kuilipa hata bila mradi.

20 Aprili. Betri

Betri zilikuwa zimekaa kimya muda wote huu. Boksi hufunguliwa na kuhesabiwa mbele ya mleta mzigo, na halijawahi kupungua. Hazipimwi kwa kikombe wala mizani. Hakuna anayekopa betri. Hata hivyo, katika wiki nne zilizoishia tarehe 6 Aprili zilikuwa pungufu jozi nne, tatu, tano na nne, bila ziada hata mara moja, wakati chumvi iliyohesabiwa na watu walewale kwa utaratibu uleule haikuzidi tofauti ya pakiti moja. Hii ndiyo sura niliyokuwa nimeitarajia kwa mpwa wangu tangu mwanzo.

Nilimwambia wazi kwamba betri zinaibwa na kwamba tutazihesabu mara tatu kwa siku: kufungua, saa nane mchana tunapobadilishana zamu, na kufunga. Alinijibu, "Mjomba, kama unanihesabu mimi, hesabu na zamu zako." Ilikuwa hoja ya haki na pia ya kitaalamu, maana hesabu ya zamu ya mtu mmoja haisemi lolote bila ya mwingine wa kulinganisha. Tulipeana zamu za asubuhi na jioni kwa kupishana, siku moja mimi na siku moja yeye, na anayeingia ndiye anayehesabu mbele ya anayetoka.

Kwa wiki mbili betri zilibaki mahali pake, mbele ya kaunta karibu na dirisha la nondo, kwa sababu nilitaka kujua saa kabla ya kuziba tundu. Zilipotea jozi saba. Zote zilipotea kati ya saa nane mchana na kufunga, hakuna hata moja asubuhi, na nne kati ya saba zilipotea jioni ambazo mimi ndiye niliyekuwa ndani. Jioni watu hujazana dirishani, muuzaji hugeuka nyuma kuchukua unga au kupima mawese, na mkono unaopita kati ya nondo unafika pale.

Hesabu za zamu zinaonyesha saa na mahali. Hazionyeshi mtu, na sitajifanya kwamba ninamjua. Zinachoweza kusema ni kwamba upungufu haukumfuata mpwa wangu. Ni kweli pia kwamba yeye alijua tunahesabu, na anayejua hubadilika. Lakini upungufu wa zamu zangu mwenyewe hauwezi kuelezwa kwa njia hiyo. Kesho betri zinahamia rafu ya nyuma.

4 Mei. Baada ya marekebisho

Wiki mbili tangu betri zihamishwe, hakuna jozi iliyopotea. Sukari ya wiki nne ina upungufu wa kilo moja. Sabuni pungufu kipande kimoja, chumvi sawa.

Mawese yameniletea mgogoro nisioutarajia. Nilichora mstari wa gramu 250 za maji ndani ya kikombe na kuagiza tujaze hadi hapo tu, na siku ya pili mteja wa miaka mingi akaniuliza kwa sauti kubwa tangu lini nimeanza kupunja watu. Kikombe ni robo lita halali, lakini macho yake yamezoea ukingo, na nyongeza ni sehemu ya biashara hapa; anayeinyima hupoteza mteja wa sukari na unga pia. Tumerudi kujaza kupita mstari kidogo, kiasi cha dumu kutoa vipimo 78, na bei ya kununulia ninaigawa kwa 78 badala ya 80. Nyongeza ninayoijua na kuiweka kwenye bei si upotevu.

Gharama zangu: madaftari mawili 4,000, chaki na kalamu 1,500, kupima mifuko mitano kwa jirani 2,500, na nyongeza kwa mwenye guta aliyenisubiri stooni mara mbili 4,000. Jumla ni 12,000, pamoja na saa moja kila Jumapili.

Kwa bei ya kununulia, upotevu wa wiki nne kabla ya marekebisho ulikuwa hivi: sukari 27,720, mawese lita 3.75 kwa 3,800, sawa na 14,250. Betri jozi 16 kwa 900, sawa na 14,400. Jumla ni 56,370, na katika hizo ni betri tu ninazoziita wizi, robo moja hivi ya fedha yote. Kutoka pengo la 97,000 bado takriban 40,000 kwa mwezi zipo kwenye bidhaa ambazo sijazigusa.

Zamu ijayo ni soda, ambako kuna chupa tupu za kuhesabu pia, kwa kuwa chupa isiyorudi hulipiwa. Tumeanza leo asubuhi: kreti tatu za tupu, chupa 72 kwa daftari. Tumehesabu kila mtu peke yake, na sote tumepata 71.